Saa 640 zilizobaki 114: mwongozo kamili wa kuandika saa za usimamizi kabla hujasajiliwa

Mwezi uliopita nimeletewa madaftari matatu ya saa yaliyokataliwa. Moja limetoka Igoma hapa Mwanza, moja Sengerema, jingine limevuka maji kutoka Nansio. Wenyewe wamesoma na wanafanya kazi kweli. Kosa lao ni lile lile: walianza na wateja, wakaandika baadaye kwa kukumbuka, halafu mwishoni kabisa wakatafuta mtu wa kuwasainia.

Mwongozo huu ni wa mshauri nasaha au mhitimu wa ustawi wa jamii ambaye bado hajasajiliwa na anakusanya saa za kazi chini ya msimamizi. Fomu ya usajili sitaigusa, kwa sababu fomu hubadilika na utaichukua ofisini. Nitashughulika na daftari, kwani ndipo watu wanapoangukia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari gumu lenye kurasa zilizoshonwa. Usitumie karatasi za kuchomoa.
- Daftari dogo la pili la kuunganisha namba za wateja na majina yao, pamoja na kabati au sanduku lenye kufuli.
- Masharti ya usajili unaouomba, yaliyochapishwa, yenye tarehe.
- Nakala ya cheti cha usajili cha msimamizi wako.
- Mkataba wa usimamizi, nakala mbili zilizosainiwa.
- Fomu ya ridhaa ya mteja, kwa Kiswahili anachokielewa.
- Saa ya mkononi au ya simu. Usicheke, utaona sababu yake.

## Hatua ya 1: Tenganisha karatasi zako

Mtu akiniambia "mimi nina leseni", namwomba anionyeshe. Mara nyingi anatoa leseni ya biashara ya halmashauri. Wengine hutoa cheti cha jina la biashara kutoka BRELA na namba ya mlipakodi kutoka TRA, vimewekwa kwenye fremu ukutani juu ya kochi la wateja.

Karatasi hizo ni halali na zina kazi yake. BRELA inasema jina la biashara ni lako. TRA inakutambua kwa kodi. Halmashauri inakuruhusu kufanya biashara mahali hapo. Hakuna hata moja kati yake iliyokupima kama unajua kukaa na mama aliyezikiwa mwanawe jana.

Cheti cha chuo nacho kinasema umesoma. Kadi ya chama cha wanataaluma inasema wenzako wamekupokea na umekubali maadili yao. Usajili wa taaluma ni karatasi ya peke yake: chombo chenye mamlaka kimekagua elimu yako na mazoezi yako, kikakuingiza kwenye orodha yake, na kinaweza kukufuta ukikosea.

Chukua karatasi moja, ichore safu tano: chuo, chama, biashara, kodi, usajili wa taaluma. Jaza ulichonacho chini ya kila safu. Utajua umefaulu ukiweza kumwambia mteja kwa sentensi moja ni ipi unayo na ni ipi bado, bila kujiumauma.

## Hatua ya 2: Pata masharti kwa maandishi

Usikusanye hata saa moja kwa kufuata maneno ya mtu uliyesoma naye chuoni Malimbe. Yeye alifuata masharti ya mwaka wake. Nenda kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, Jiji au Ilemela, ueleze kazi unayokusudia kufanya na uulize wanahitaji nini kutoka kwako. Kisha andika kwa chombo unachokiomba usajili, utaje kiwango chako cha elimu na aina ya kazi, uombe masharti yanayokuhusu. Majibu yabandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Angalia pia nchi. Kwa sisi wa ziwani hili si jambo la mbali, maana mtu anapata mkataba wa shirika Sirari, miezi sita baadaye anahamishiwa Kisumu. Kenya ina sheria yake ya washauri nasaha na wanasaikolojia, Na. 14 ya mwaka 2014, yenye bodi inayosajili. Saa ulizokusanya Mwanza hazivuki mpaka zenyewe. Zinavushwa na karatasi, na bodi ya huko ndiyo itakayoamua.

Ukiwa na masharti mkononi, tafuta majibu ya maswali manne tu. Saa inahesabiwaje, dakika 60 kamili au kikao kimoja? Kazi ipi inaitwa kazi ya moja kwa moja na mteja? Msimamizi anatakiwa awe nani? Na saa zinaanza kuhesabiwa lini?

Swali la nne ndilo linalouma. Kuna mahali ambapo ulichofanya kabla ya kuandikishwa kama mwanafunzi wa kazi kinatupwa. Kalifonia, kwa mfano, mhitimu wa uzamili wa ustawi wa jamii anayetaka leseni ya tiba kwa kawaida hutakiwa kwanza aandikishwe, ndipo akusanye saa 3,000 katika muda usiopungua wiki 104. Ukigawanya, ni kama saa 29 kwa wiki. Daftari lenye saa 70 kila wiki linajishtaki lenyewe. Chama cha washauri nasaha cha Uingereza, BACP, kwa ithibati yake kinataka saa zisizopungua 450 za kazi iliyosimamiwa, na usimamizi usiopungua saa moja na nusu kila mwezi. Nimezitaja namba hizi ili uone zinavyoachana. Usizinakili kwenye daftari lako.

Utajua umefaulu ukiwa na majibu ya maswali yote manne, na kila jibu umelionyesha kidole kwenye waraka.

## Hatua ya 3: Msimamizi kwanza, mteja baadaye

Bosi wako si lazima awe msimamizi wako wa kitaalamu. Bosi anauliza ripoti ya robo mwaka imefika wapi, pikipiki imewekwa mafuta, fedha za semina zimerejeshwa. Msimamizi wa kitaalamu anauliza kwa nini ulimkatiza mteja alipoanza kulia. Mtu mmoja anaweza kubeba kazi zote mbili, lakini vikao viwe viwili na kumbukumbu mbili. Ukivichanganya, mkaguzi atavihesabu vyote kuwa vya utawala.

Usimchukue ndugu, mchumba wala mtu unayedaiwa naye fedha. Atashindwa kukuambia ukweli, na hata akikuambia, sahihi yake itatiliwa shaka.

Mwombe cheti chake cha usajili. Najua ni vigumu. Unamwomba mtu mzima, pengine aliyekufundisha, akuthibitishie kuwa yuko hai kwenye orodha. Sema hivi: "Shikamoo mwalimu. Wataniomba nakala ya cheti chako siku ya kuwasilisha, nikaona niiombe mapema." Aliyesajiliwa hachukii. Anayechukia amekuokolea mwaka mzima.

Mkataba wenu usizidi kurasa mbili. Utaje tarehe ya kuanza, siku na saa za vikao, ada kama ipo, aina ya wateja unaoruhusiwa kuwaona, na aina usiyoruhusiwa. Utaje nani atashika nafasi akisafiri au kuugua. Utaje namba ya kumpigia usiku jambo likiharibika. Kila mmoja asaini na aweke tarehe ya siku ile ile.

Tahadhari: mkataba uliosainiwa Juni hauwezi kufunika wateja wa Machi. Usiurudishe tarehe nyuma. Hilo likigundulika hupotezi saa za miezi mitatu tu, unapoteza imani ya wanaokusajili, na msimamizi wako anaponzwa pamoja nawe.

Utajua umefaulu ikiwa tarehe ya mkataba ni ya kabla ya kikao cha mteja wa kwanza.

## Hatua ya 4: Mwambie mteja wewe ni nani

Wengi huruka hapa kwa aibu, wakidhani mteja atakimbia. Maneno ninayowafundisha ni haya:

"Naitwa fulani. Nimesomea ushauri nasaha na sasa niko kwenye mazoezi chini ya msimamizi, bado sijasajiliwa. Kila wiki nazungumza naye kuhusu kazi yangu, bila kumtajia jina lako. Tunayozungumza ni siri, isipokuwa ukiwa kwenye hatari ya kuumia au kumuumiza mwingine, au kama kuna mtoto anayedhurika. Unakubali tuendelee?"

Tangu nianze kuwafundisha hivyo, sijasikia mteja aliyekimbia. Nimesikia mmoja, mchuuzi wa dagaa pale Kirumba, aliyemjibu kijana wangu: "Kumbe na wewe una mtu wa kumwambia. Vizuri."

Jitaje vivyo hivyo kwenye kibao na kwenye simu: "mshauri nasaha mwanafunzi, chini ya usimamizi". Usijiite daktari. Usijiite afisa ustawi wa jamii kama huna ajira hiyo serikalini, kwa sababu afisa huyo ana majukumu aliyopewa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kujifanya mtumishi wa umma ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Wapo vijana wa mashirika waliobisha hodi kwa watu na kusema "sisi ni ustawi wa jamii", kwa kurahisisha tu maneno. Mwenye nyumba akiuliza kitambulisho, maneno hayo hayarahisishi tena chochote.

## Hatua ya 5: Andika siku hiyo hiyo, kwa saa iliyo mkononi

Mstari mmoja kwa kikao kimoja. Safu ni saba: tarehe, namba ya mteja, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, dakika, aina ya kazi, na mahali. Mstari uliokamilika unaonekana hivi:

*Tarehe 12/3, M-07, saa 4:10 hadi 4:55 asubuhi, dakika 45, kazi ya moja kwa moja na mteja, ofisini.*

Usiandike "saa 1" kwa sababu ulipanga saa moja. Andika alipokaa na alipoinuka. Mama wa sokoni atachelewa dakika ishirini kwa sababu ya daladala na ataondoka mapema kumwahi mtoto shule. Ndiyo maana nilikuambia uwe na saa.

Jina halikai kwenye daftari hili. M-07 ni nani, hilo liko kwenye daftari dogo lililofungiwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti, na anayezikusanya ana wajibu wa kuzilinda. Kupiga picha ukurasa na kumtumia msimamizi kwa wasapu ni njia ya mkato inayojulikana mjini. Simu inaibiwa Igoma stendi saa kumi na mbili jioni, na picha inabaki kwenye simu ya mtu usiyemjua.

Safu ya aina ya kazi ndiyo inayotofautisha daftari na shajara. Tumia makundi manne tu: kazi ya moja kwa moja na mteja, kuandika kumbukumbu na kujiandaa, usimamizi, na mengineyo. Uhamasishaji mwaloni, semina, mikutano na safari vyote vinaingia kwenye mengineyo. Ni kazi, viandike, ila usiviite ushauri nasaha.

### Daftari la Igoma, ukurasa kwa ukurasa

Mwenye daftari hili ameniruhusu nilieleze bila jina. Alifanya kazi kwenye kituo kidogo kwa miezi kumi. Alikuja kwangu na mfuko wa nailoni.

"Shikamoo dada. Wamezikataa."

"Marahaba. Zote?"

"Wamesema nihesabu upya."

Alikuwa ameandika saa 640: vikao 240 vilivyohesabiwa saa 240, kumbukumbu saa 91, semina na mikutano 118, elimu sokoni na mwaloni 96, safari za meli ya Nansio 52, na usimamizi 43. Jumla iko sawa, hesabu anaijua. Shida ilikuwa kwamba masharti aliyokuwa akiyajibu yalitaka kazi ya moja kwa moja na mteja, kwa dakika halisi, chini ya msimamizi aliyeandikwa.

Tukaanza kupunguza. Semina, elimu, safari na kumbukumbu zikatoka kwenye safu ya mteja, saa 357 zikaondoka kwa mara moja. Hakubisha.

Tukaenda kwenye vikao 240. Kituo kile kinaweka vikao vya dakika 45, na kadi za miadi zilionyesha hivyo. Vikao 240 vya dakika 45 ni saa 180. Hapo akanyamaza.

Kisha tarehe. Mkataba wake na msimamizi ulisainiwa mwanzoni mwa mwezi wa nne, na kabla ya hapo alikuwa ameona wateja katika vikao 64. Vikabaki 176. Mwezi wa nane msimamizi alisafiri, na hakuna aliyeandikwa kushika nafasi yake. Vikao 24 vya mwezi huo navyo vikatoka. Vikabaki 152, mara dakika 45, ni saa 114.

Usimamizi nao ulipungua. Katika saa 43, nyingi zilikuwa mikutano ya wafanyakazi Jumatatu na simu fupi za jioni. Vikao vyenye kumbukumbu vilivyosainiwa vilitimiza saa 16. Kwa upande huu hali yake haikuwa mbaya: saa 16 za usimamizi kwa saa 114 za wateja ni kama moja kwa saba.

Kilichomponza zaidi, hata hivyo, hakikuwa hesabu. Kurasa za miezi mitano ya mwisho zilikuwa na sahihi za msimamizi kwa wino mmoja wa bluu, zote zimeinamia upande ule ule, na kwenye ukurasa mmoja kalamu ilikuwa imeanza kukatika katikati, ikaendelea kukatika kwenye kurasa tano zilizofuata. Mtu yeyote angejua zilisainiwa kwa mkao mmoja. Kazi yake ilikuwa ya kweli, lakini ushahidi wake ulifanana na wa uongo.

## Hatua ya 6: Kaa kwenye usimamizi wenyewe

Sahihi ichukuliwe kila wiki, au kila kikao cha usimamizi, na tarehe yake iandikwe na msimamizi kwa mkono wake. Kama mnakutana kwa kundi, idadi ya waliokuwepo iandikwe, kwa sababu vyombo vingi havihesabu saa ya kundi sawa na saa ya wawili. Kalifonia, kwa mfano, saa moja ya peke yako ndiyo inayolingana na saa mbili za kundi.

Peleka kesi mbili, si kumi. Kwa kila moja sema mteja alileta nini, wewe ulifanya nini, mahali ulipokwama, na unaogopa nini. Hilo la mwisho watu hulificha, na ndilo lenye kazi. Kijana mmoja alinieleza kesi ya mvuvi mlevi kwa nusu saa nzima, vizuri kabisa, kama mtihani. Nilipomuuliza anaogopa nini alisema: "Naogopa atanipiga. Anakaa katikati yangu na mlango." Tukahamisha kiti kabla ya kuzungumza jambo jingine.

Kumbukumbu ya kikao iwe aya moja: kesi zilizojadiliwa kwa namba, maelekezo, na nini utafanya kabla ya kikao kijacho. Kikao kinachofuata kianze na maelekezo hayo.

Utajua umefaulu ukiona kwenye kumbukumbu zako jambo ulilolibadilisha kwa mteja kwa sababu ya usimamizi. Miezi mitatu bila badiliko hata moja ina maana mnakunywa chai tu.

## Hatua ya 7: Kesi ambazo hazisubiri kikao

Hapa ndipo kufanya kazi bila usajili kunapokuwa hatari kwa mteja, na kwako pia.

Mtoto anayedhurika. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kuwa haki za mtoto zinavunjwa aziripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Haisubiri usajili wako wala kikao cha Alhamisi. Mpigie msimamizi, ripoti siku hiyo hiyo kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na uandike saa uliyoripoti na uliyemwambia. Simu ya bure ya mtoto ni 116. Kama kuna jeraha au ubakaji, polisi watatoa PF3 na mtoto aende hospitali haraka. Asiogeshwe kwanza wala nguo zake zisifuliwe.

Mtego wenyewe unakuja hivi. Familia mbili zimekutana, mjomba wa mtuhumiwa amekuja na fedha na ng'ombe wametajwa, na mtu anasema: "Mwiteni yule mshauri, atuandikie tumalize." Usiandike wala usisaini kama shahidi. Kosa la kujamiiana dhidi ya mtoto si ugomvi wa mpaka wa shamba, na karatasi yenye sahihi yako itakuwa kielelezo cha jinsi lilivyofichwa. Sema huna mamlaka, maana kweli huna, kisha ukaripoti.

Usimchukue mtoto kwenda kulala kwako pia, hata kwa huruma. Kumwondoa mtoto na kumweka mahali salama kuna watu waliopewa kazi hiyo kisheria, na makao ya watoto yana leseni yake.

Mteja anayezungumzia kujiua. Muulize waziwazi kama amefikiria namna na kama kifaa anacho. Sumu ya panya na ya mashambani ipo kwenye nyumba nyingi. Usimwache peke yake, mpate ndugu anayemwamini, ondoeni sumu nyumbani mwake, mpelekeni hospitali. Bugando na Sekou Toure zipo mjini. Ukiwa kisiwani, anzia hospitali iliyo karibu, usingoje meli. Msimamizi apigiwe mkiwa njiani.

Mteja anayesikia sauti, hajalala siku kadhaa, au ameacha dawa. Hii ni rufaa. Kuzungumza naye peke yake kwa wiki sita, huku ukihesabu saa, ni kumchelewesha.

Kesi hizi ziandike kwenye daftari, pamoja na saa ya rufaa. Mkaguzi hakutegemei uwe umeziponya. Anataka kuona ulijua mwisho wako ulipo.

## Wateja walio ng'ambo

Hili nimeulizwa mara nyingi. Binamu yuko Teksasi, rafiki yake ana msongo, anataka kuongea Kiswahili na kulipa kwa dola. Uko kwenye mazoezi, je, unaweza kumhesabu?

Majimbo ya Marekani kwa kawaida huhesabu huduma kuwa imefanyika mahali alipokaa mteja. Ukiwa Nyakato na yeye akiwa Hyuston, kwa macho ya jimbo lake unafanya kazi Teksasi, na unahitaji leseni ya Teksasi. Uingereza nako jina la mfanyakazi wa ustawi wa jamii limelindwa kisheria, halitumiwi na asiyesajiliwa.

Hata tukiacha sheria, fikiria usiku ambao mteja huyo anasema amekunywa vidonge. Humjui daktari wake, hujui mtaa wake, na 112 ya simu yako inaita polisi wa hapa. Mwambie atafute mtaalamu wa huko, umsaidie kutafuta anayejua Kiswahili. Dola zitapita, sawa.

## Hatua ya 8: Funga hesabu kila mwezi

Siku ya mwisho ya mwezi, jumlisha kila kundi peke yake, linganisha na kadi za miadi, msimamizi asaini jumla. Piga nakala, uiweke nyumba nyingine. Nimeona daftari lililolowa kwenye mtumbwi likabaki rangi ya chai.

Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, andika kilicho sahihi pembeni, weka herufi za mwanzo za jina lako na tarehe. Usitumie rangi nyeupe ya kufutia wala usichane ukurasa. Daftari lenye masahihisho machache yaliyo wazi linaaminika kuliko lililo safi mno.

## Kama lako limeshakataliwa

Usiandike daftari jipya la miezi iliyopita. Chukua lile lile, lipitie kama tulivyopitia la Igoma, kwa utaratibu huu: ondoa kisichokuwa kazi ya mteja, geuza vikao kuwa dakika halisi, ondoa vya kabla ya mkataba, ondoa vya wakati msimamizi hayupo. Kilichobaki kiambatanishe na kadi za miadi na barua ya msimamizi inayoeleza, kwa ukweli, sahihi ziliwekwa lini na kwa nini. Barua ya namna hiyo inaumiza kuiandika. Ya kwetu ilichukua jioni mbili, na msimamizi wake alitaka kuondoa sentensi ya "nilisaini kurasa hizi kwa siku moja". Tulimwomba aiache.

Yule binti aliwasilisha saa 114 na barua. Wakazipokea zote, wakamwambia akamilishe zilizobaki. Daftari lake la sasa lina wino wa bluu, mweusi, na ukurasa mmoja uliosainiwa kwa kalamu ya kijani, kwa sababu siku hiyo ndiyo kalamu iliyokuwepo.